Dashibodi inakula nusu dakika kujaa, nataka kuvuta vyanzo vyote kwa pamoja ila nisimlemee mtu

kijana_wa_grafu

Wakuu salama humu? Nina dashibodi ya ndani ya kazini, upande wa seva ni Python na FastAPI. Kila ikirifreshi inavuta data sehemu tano tofauti. Mfumo wa mauzo naupiga rikwesti 24, moja kwa kila tawi, kila moja kama nusu sekunde. Stoki rikwesti 10, hao wako taratibu, karibu sekunde 0.9 moja. Tiketi za wateja ni huduma ya nje, rikwesti 12 za sekunde 0.4, na wameandika kabisa mwisho ni 5 kwa sekunde. Vipimo vya seva rikwesti 8, hizo robo sekunde tu. Halafu kuna kwiri moja nzito ya ripoti kwenye Postgres, yenyewe peke yake inakula sekunde 6.

Zote zinaenda moja baada ya nyingine ndani ya `for`, ukijumlisha ni kama sekunde 34 na kweli ndo inavyotoka. Kwenye mazingira ya majaribio nimezigeuza zikawa async nikazirusha zote kwa `asyncio.gather`, ikashuka hadi sita na ushee. Raha tupu, ila tiketi wakaanza kurudisha 429, na jamaa wa mfumo wa mauzo akanitumia picha ya grafu yao ina mwiba mrefu kila nikirifreshi akauliza mnatufanyia nini.

Swali langu, limiti naiweka ngapi, na naiweka wapi, moja ya jumla au kila chanzo na yake?

---

Radi_ya_Mbali

Mkuu mbona rahisi, uko njia sahihi na gather. Weka semafo moja juu, `asyncio.Semaphore(10)`, kila rikwesti ipite humo, basi. Kumi kwa wakati mmoja seva yoyote ya siku hizi inazimudu, na async yenyewe ni nyepesi haina haja ya kuhangaika sana.

---

chati_safi

Kama inachelewa kuchora angalia laibrari ya grafu unayotumia, nyingine zina animesheni nzito sana hasa ukiwa na paneli nyingi. Mimi nilizima animesheni zote ikawa inafunguka chap. Pia fikiria websoketi badala ya kurifreshi ukurasa mzima.

---

kijana_wa_grafu

@chati_safi asante ila kuchora hakuna shida, data ikishafika inachorwa papo hapo. Sekunde zote zinaishia seva kwenda kuchukua data.

@Radi_ya_Mbali ngoja nijaribu hiyo ya kumi.

---

Mama_Foleni

Usiijaribu mdogo wangu, au ijaribu ila ujue unachoenda kukiona. Semafo moja ya jumla inaumiza pande zote mbili, haimkingi mtu na haikupi kasi.

Haimkingi kwa sababu gather inaanzisha kazi kwa mpangilio uliozipanga wewe, na semafo nayo inaruhusu kwa foleni. Kama mauzo uliwaweka mwanzo, hizo nafasi kumi zote zinachukuliwa na mauzo. Kwa hiyo jamaa bado anapigwa kumi kwa mpigo na wengine wanne wamekaa hawana kazi, yani umeweka limiti halafu mzigo wote umeelekea mlango mmoja. Haikupi kasi kwa sababu kama ile kwiri ya ripoti uliiweka mwisho kwenye orodha, inasubiri mauzo, stoki na tiketi zipungue ndo ipate nafasi. Ikianza karibu sekunde ya tatu, ukijumlisha na sita zake unakaribia tisa. Ulikuwa na sita kabla ya limiti!

Kila chanzo kiwe na semafo yake na klayenti yake ya HTTP. Kitu kama hiki:

```python
class Chanzo:
    def __init__(self, jina, base, wakati_mmoja):
        self.jina = jina
        self.lango = asyncio.Semaphore(wakati_mmoja)
        self.http = httpx.AsyncClient(
            base_url=base,
            timeout=httpx.Timeout(8.0, pool=None),
        )

    async def leta(self, njia):
        async with self.lango:
            t = time.perf_counter()
            r = await self.http.get(njia)
            log.info("%s %s %s %.2f", self.jina, njia,
                     r.status_code, time.perf_counter() - t)
            r.raise_for_status()
            return r.json()
```

Klayenti tengeneza mara moja tu programu inapowaka, sio ndani ya kila rikwesti. Nimeona kodi nyingi watu wanafungua `AsyncClient` mpya kila mara, hapo kila rikwesti inaanza upya kusalimiana TLS na yule wa upande wa pili anachoka bure kwa kazi ambayo sio data.

Sasa namba. Watu wengi huanza na swali la "seva yao inabeba ngapi", mi naanza na chanzo kipi ndo kirefu kuliko vyote. Kwako ni ripoti, sekunde 6, na ile ni kwiri moja huwezi kuigawanya. Maana yake hata ufanye nini dashibodi nzima haijai chini ya sekunde 6 kama unasubiri vyote. Basi wengine wote wana sekunde 6 za kumaliza, hakuna haja ya kumkimbiza mtu. Mauzo 24 kwa nusu sekunde, ukiwapa 3 kwa wakati mmoja ni mizunguko 8, sekunde 4. Ukiwapa 4 ni sekunde 3. Ukiwapa zote 24 hata wakikujibu ndani ya nusu sekunde, dashibodi bado inakuja sekunde ya sita, hujapata kitu na umemtia mwenzio kelele. Stoki 2 kwa wakati mmoja, mizunguko mitano ya 0.9, ni 4.5. Vipimo hata 2 inatosha, sekunde moja zishaisha.

Tiketi wao ni habari nyingine, nitarudi.

---

kijana_wa_grafu

Aisee dada hii ya kuangalia kirefu kwanza sikuwahi kuifikiria, nilikuwa natafuta namba kubwa kadiri inavyowezekana bila kelele. Naenda kuandika.

---

bado_najifunza_py

Naomba niingilie kidogo wakuu maana yangu inafanana. Nimeweka `async def` kila mahali, nimeweka gather, muda haujapungua hata sekunde moja. Vyanzo vyangu vitatu tu. Kodi ni hii:

```python
async def leta(url):
    r = requests.get(url, timeout=10)
    return r.json()

async def yote():
    return await asyncio.gather(*(leta(u) for u in URLS))
```

Au ni Python yangu ya zamani?

---

Mama_Foleni

Sio Python. `requests` haijui habari za async, ikienda kusubiri jibu inaishika lupu nzima hakuna mwingine anayesogea. Ona kwamba ndani ya `leta` hakuna `await` hata moja, kwa hiyo hakuna sehemu ambapo lupu inapata nafasi ya kumuangalia mwenzie, zinaenda mmojammoja kama zamani, tofauti ni mapambo tu.

Namna ya kuijua bila kubahatisha, andika logi mwanzo na mwisho wa kila rikwesti. Zikienda kwa pamoja utaona mianzo yote mitatu imeshikana halafu miisho. Yako itakuwa mwanzo mwisho mwanzo mwisho. Pia washa programu na `PYTHONASYNCIODEBUG=1`, italalamika kwenye logi kila kitu kinachoishika lupu zaidi ya sekunde 0.1, na kitakutajia jina.

Dawa ni kuhamia `httpx` au `aiohttp`. Kama kuna laibrari huwezi kuiacha basi `await asyncio.to_thread(...)`, ipo tangu 3.9.

Na @kijana_wa_grafu hili linakuhusu kwenye Postgres, hakikisha draiva unayotumia ni ya async, la sivyo zile sekunde 6 za ripoti zitasimamisha kila kitu.

---

Mzee_wa_Thredi

Vijana mnapenda kujichosha. Haya yote nayafanya na `ThreadPoolExecutor` miaka na miaka, kila chanzo nakipa eksekyuta yake, mauzo `max_workers=4`, stoki `max_workers=2`, limiti imeshajiweka yenyewe huhitaji semafo wala nini. Na `requests` inafanya kazi vizuri tu. Rikwesti 55 ni kitu gani mpaka uandike programu upya.

---

Radi_ya_Mbali

Thredi ni nzito mzee, hiyo ndo sababu async ikaletwa.

---

Mama_Foleni

Kwa rikwesti 55 mzee yuko sahihi kabisa, hutaona tofauti ya uzito, na eksekyuta moja kwa kila chanzo ni wazo lilelile la limiti kwa kila chanzo. Ningekuwa na skripti ya zamani inayotumia `requests` ningefanya kama yeye nikalala.

Panapokuja kuuma ni kukatisha. Rikwesti imekwama kwenye thredi, huwezi kuiambia acha, unaisubiri mpaka taimauti yake iishe, na ikishika nafasi moja kati ya mbili za stoki umebaki na nusu ya uwezo. Kwenye async unaikatisha na nafasi inarudi palepale. Jamaa tayari yuko FastAPI, abaki hukohuko.

---

Mzee_wa_Thredi

Hilo la kukatisha nalikubali. Ndo maana taimauti zangu ni fupi.

---

kijana_wa_grafu

Nimerudi na majibu. Nimeweka kama alivyosema dada, ripoti 1, stoki 2, vipimo 2, na kwa mauzo nikajaribu limiti tofauti nione. Muda wa rikwesti moja ya mauzo kwenye logi:

limiti 4, kila rikwesti kama 0.5
limiti 8, zikawa kama 1.0
limiti 12, zikawa 1.5

Na muda wa kumaliza zote 24 haubadiliki, ni sekunde 3 kila mara! Hii ndo sielewi, nimeongeza mara tatu hakuna kilichopungua.

Tiketi nimewapa semafo ya 2 bado 429 zinatokea, sio kila mara ila zipo.

---

Mama_Foleni

Hizo namba zako nzuri sana natamani kila mtu angezipima kabla ya kuuliza. Soma hivi, limiti ilipopanda mara mbili muda wa kila rikwesti nao ukapanda mara mbili, na jumla ikabaki palepale. Hiyo ni alama kwamba huko ndani kuna wahudumu wanne tu, pengine puli ya miunganisho ya databesi yao ni minne, na chochote unachorusha juu ya nne kinakaa kwenye foleni kwao badala ya kukaa kwako. Gawanya uone: 4 kwa 0.5 ni 8 kwa sekunde, 8 kwa 1.0 ni 8 kwa sekunde, 12 kwa 1.5 ni 8 kwa sekunde. Nane ndo mwisho wao, hakuna limiti itakayoipandisha.

Na foleni ikiwa kwao kuna mtu mwingine anaumia, yule muuzaji aliyefungua mfumo wakati huo rikwesti yake moja inaenda kupanga mstari nyuma ya zako ishirini. Ndo ule mwiba kwenye grafu aliyokutumia. Kwa hiyo hata 4 kwangu ni kubwa, inawajaza wote. Weka 3 au hata 2, ukiweka 2 ni mizunguko 12, sekunde 6, umelingana na ripoti hujapoteza kitu. Mi ningeweka 3 niache nafasi kidogo wakichelewa.

Sasa tiketi. Semafo inahesabu zilizopo njiani kwa wakati mmoja, haijui sekunde. Mbili njiani, kila moja 0.4, ni rikwesti 5 kwa sekunde, uko juu ya mstari kabisa. Siku wamechangamka wanajibu kwa 0.2 basi hizohizo mbili zimekuwa 10 kwa sekunde, 429. Yani wakiwa na afya njema ndo unawavunjia sheria zaidi, inachekesha lakini ndo hivyo. Hapo unataka kitu kinachohesabu muda, laibrari ya `aiolimiter` inatosha:

```python
kasi = AsyncLimiter(1, 0.25)

async with tiketi_lango:
    async with kasi:
        r = await http.get(njia)
```

Hiyo ni moja kila robo sekunde, 4 kwa sekunde. Zote 12 zinaisha kama sekunde 3.2, bado uko chini ya sita.

---

Radi_ya_Mbali

Kwa nini isiwe `AsyncLimiter(5, 1)` tu kama walivyoandika wenyewe, 5 kwa sekunde?

---

Mama_Foleni

Kwa sababu ile ni ndoo inayovuja. Ikiwa tupu inakuruhusu tano papo hapo, halafu huku inavuja kwa kasi ya tano kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde ya kwanza unaweza kupitisha tano za mwanzo na karibu nyingine tano. Wao wakihesabu sekunde hiyo wanaona tisa kumi. Dashibodi kila ikirifreshi inaanza na ndoo tupu, kwa hiyo utagongwa kila mara na utasema laibrari mbovu. Ukiandika 1 kwa 0.25 hakuna mpasuko wa mwanzo, zinatoka kwa mwendo mmoja.

---

Radi_ya_Mbali

Hiyo nilikuwa sijui. Sawa.

---

kimya_kingi

Nasoma tu ila hapa niulize. 429 ikija hata baada ya hayo, mnarudia vipi? Sisi tunalala sekunde kadhaa tukiwa NDANI ya semafo halafu tunarudia, kuna mwenzetu anasema ni upuuzi tunashikilia nafasi bila kufanya kazi.

---

Radi_ya_Mbali

Mwenzenu yuko sahihi. Achia nafasi, nenda kalale nje, ukiamka panga foleni upya. Nafasi ni ya kufanya kazi sio ya kulala.

---

Mama_Foleni

Mi nalala ndani, kwa makusudi. Chanzo kimeniambia subiri, nikiachia nafasi anaingia mwenzangu aliyekuwa foleni kwenda kugonga mlango uleule uliosema subiri, na yeye anapata 429, analala, anaingia wa tatu. Zote 12 zinaenda kula 429 moja moja. Nikilala na nafasi yangu mzigo kwa chanzo hicho unapungua wenyewe, na kwa sababu semafo ni ya chanzo hicho peke yake simzuii mtu wa mauzo wala stoki.

Muda wa kulala, angalia kwanza hedi ya `Retry-After`, ikiwepo iheshimu. Angalizo, inaweza kuja kama sekunde au kama tarehe kamili, kodi nyingi zinafanya `int()` moja kwa moja zinaanguka siku ikija tarehe. Isipokuwepo lala sekunde moja, halafu mbili, halafu nne, na kila mara ongeza kipande cha bahati nasibu ili zisiamke zote kwa pamoja. Mara tatu basi, ukishindwa onyesha data ya zamani.

---

kimya_kingi

Kwa 429 nakuelewa. Lakini kama ni 503 ya njia moja tu, tuseme tawi moja limezimika na matawi mengine 23 ni mazima, hapo kulala ndani si unawachelewesha wazima?

---

Radi_ya_Mbali

Ndo ninachosema.

---

Mama_Foleni

Hapo kweli inategemea, 503 ya tawi moja ningeachia. Ila huwezi kujua mara zote kama ni tawi au ni mfumo mzima unaanza kuyumba. Kila mtu na kipimo chake, mi naogopa zaidi kumlemea aliyeyumba kuliko kuchelewa sekunde mbili.

---

kijana_wa_grafu

Tiketi zimetulia, 429 sijaiona tena tangu niweke ile ya robo sekunde. Mauzo niko 3, jamaa kasema mwiba umepotea. Jumla sekunde 6 na kidogo toka 34.

Mawili yamebaki. Moja, nilizunguka `leta` na `asyncio.wait_for(..., 5)` sasa baadhi ya rikwesti za stoki zinakufa kwa taimauti wakati logi inaonyesha hazijawahi hata kutumwa. Mbili, chanzo kimoja kikifa gather nzima inarusha kosa na dashibodi inakuja tupu.

---

Mzee_wa_Thredi

La pili `return_exceptions=True`.

---

Mama_Foleni

La kwanza, saa yako inaanza kuhesabu rikwesti ikiwa bado foleni kwenye semafo. Ya kumi ya stoki inasubiri kama sekunde 3.6 kabla ya kupata zamu, imebakiwa na 1.4 tu za kufanya kazi, siku stoki wakichelewa kidogo inakufa bila kutoka mlangoni. Hamishia saa NDANI, baada ya kupata nafasi:

```python
async with self.lango:
    async with asyncio.timeout(5):
        r = await self.http.get(njia)
```

`asyncio.timeout` inataka 3.11. Na ile 8.0 niliyoweka kwenye httpx usiitegemee kwa jumla ya muda, yenyewe inahesabu kila hatua kivyake, kuunganisha, kusubiri kipande cha data, hivyo seva inayodondosha data kidogokidogo inaweza kukushika dakika nzima na taimauti isilie. `pool=None` nimeiweka kwa sababu hiyohiyo ya foleni, kusubiri muunganisho kusihesabiwe kama kosa la chanzo.

La pili, mzee kajibu, majibu yatakuja yamechanganyika na makosa, unapita unachuja. Kuna watu watakushauri `TaskGroup` kwa kuwa ni mpya na safi, lakini yenyewe mmoja akianguka inawakatisha wengine wote, kwa dashibodi hutaki hivyo. Na gather bila ile `return_exceptions` ina tabia mbaya zaidi, inakurushia kosa la kwanza huku wengine wanaendelea kukimbia kimyakimya, kwa hiyo ukirifreshi tena una rikwesti za zamani na mpya kwa pamoja na limiti yako inaonekana kama imeziba.

Mimi lakini ningeenda hatua moja mbele, usisubiri vyote. Kila chanzo kikimaliza kiandike paneli yake kwenye kashe pamoja na saa kilipofika, dashibodi ionyeshe "mauzo, sekunde 12 zilizopita". Vipimo vinatokea sekunde ya kwanza, tiketi ya tatu, ripoti inakuja ya sita peke yake. Chanzo kikifa paneli inabaki na namba ya zamani na saa yake, watu wanaona wenyewe kwamba imechakaa.

---

kijana_wa_grafu

Asante sana, hii ya saa kwenye kila paneli bosi ataipenda. Sasa kingine nimegundua leo kwenye seva yenyewe, sio majaribio. Uvicorn tunaiwasha na `--workers 4`, na mauzo wanaona mpaka rikwesti 12 kwa mpigo wakati nimeweka 3.

---

Mzee_wa_Thredi

3 mara 4. Kila woka ni prosesi yake na semafo yake, hawajuani.

---

Mama_Foleni

Ndio, na bado kuna vichupo. Watu kumi wamefungua dashibodi, kila kichupo kinarifreshi kila sekunde 30, kila kimoja kinazindua rikwesti 55 upya kwa data ileile. Hapo limiti inakuwa foleni ndefu tu isiyoisha.

Toa kazi ya kuvuta kwenye FastAPI kabisa. Prosesi moja pembeni, inazunguka, inavuta, inaandika Redis. Woka wote wanne wanasoma Redis tu, hawapigi chanzo chochote. Hapo 3 inakuwa 3 kweli hata wakiangalia watu mia. Na mzunguko wake ulale sekunde 30 BAADA ya kumaliza, usiupige kwa saa ya ukutani, maana siku ripoti ikichukua sekunde 40 mzunguko wa pili utamkuta wa kwanza bado yupo.

---

bado_najifunza_py

Mi nimehamia httpx vyanzo vitatu vinakuja kwa pamoja sasa 🙏 ila dashibodi yangu kila mtu anaona data zake tu kulingana na tokeni yake, hiyo ya prosesi moja pembeni kwangu nafanyaje? Siwezi kuweka data ya mtu mmoja waione wote.

---

Mama_Foleni

Hapo ni pagumu kidogo. Kama chanzo kinakubali tokeni ya mfumo, vuta zote mara moja halafu wewe ndo uchuje nani aone nini wakati wa kusoma, ila basi ruhusa zimehamia kwako na ukikosea zinavuja. Kama hakikubali, kashe kwa kila mtumiaji na limiti ikae Redis ili woka wote waione. Hiyo ya pili ukiiandika mwenyewe angalia woka akifa akiwa ameshika nafasi, lazima nafasi iwe na muda wa kuisha yenyewe.

---

kimya_kingi

Sisi tuko hiyo ya pili. Muda wa kuisha tumeweka sekunde 30 na bado kuna siku nafasi zinaonekana zimejaa huku hakuna rikwesti hata moja njiani, hatujajua kwa nini. Kama kuna aliyepita hapo aseme.

---

Radi_ya_Mbali

Mnaihuisha vipi nafasi kwa rikwesti inayozidi sekunde 30? Au mnaiachia kwenye `finally`? Weka kodi hapa tuone.